Usuluhishi wa Malipo ya Simu Yanayoingia kwa Mkupuo na Ankara za Wateja katika Mfumo wa ERP: Mfano wa Msambazaji wa Mbolea Makambako na Njombe

Utangulizi

Mji wa Makambako upo mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inachepuka kutoka barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA nayo inapita mjini hapo. Msambazaji wa pembejeo mwenye ghala Makambako anaweza kuyafikia maduka ya Wanging'ombe, Njombe, Makete na Ludewa bila kwenda Dar es Salaam. Biashara hiyo huendeshwa kwa mkopo. Duka huchukua mbolea kabla ya mvua za mwishoni mwa mwaka, huuza kwa wakulima wa mahindi na viazi mviringo, kisha hulipa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Malipo hayo kwa sehemu kubwa hufanyika kwa simu, kwa kuwa mwenye duka wa Ludewa hana sababu ya kufunga duka na kusafiri hadi benki ilhali anaweza kulipa akiwa kaunta.

Ugumu huanzia upande wa mpokeaji. Maduka hulipa mmoja mmoja, lakini fedha haziingii benki hivyo. Hukusanyika kwanza katika akaunti ya biashara iliyopo kwa mtoa huduma wa fedha kwa simu, kisha huhamishiwa benki kwa mkupuo. Taarifa ya benki huonyesha mstari mmoja wenye kiasi kimoja, bila jina la duka hata moja. Mhasibu anayejaribu kugawa kiasi hicho kwenye ankara za wateja hukuta hakilingani na jumla yoyote aliyonayo. Makala haya yanaeleza chanzo cha tofauti hiyo na namna ya kufanya usuluhishi ndani ya mfumo wa ERP ili kila duka lipate stahiki yake. Mfumo unaotumika katika maelezo ni ERPNext, ingawa mantiki yake inafaa pia katika mifumo mingine. Msambazaji anayezungumziwa, pamoja na kiasi na ankara zake, ni wa mfano tu.

Maswali matatu yanayochanganywa kuwa moja

Kosa la msingi katika kazi hii ni kudhani kuwa mkupuo ulioingia benki ndio malipo ya wateja. Kwa hakika mkupuo huo ni fedha za msambazaji mwenyewe zinazohama kutoka mfuko wake mmoja kwenda mwingine. Mteja alikwisha kulipa tangu muamala wake ulipokamilika kwenye simu, iwe fedha zimefika benki siku hiyo au siku tatu baadaye. Kwa hiyo kuna maswali matatu yanayopaswa kujibiwa kwa utaratibu na kwa ushahidi tofauti: nani amelipa, amelipia ankara ipi, na fedha zake zimefika benki lini. Mawili ya kwanza hujibiwa na taarifa ya miamala ya mtoa huduma. La tatu pekee ndilo linalojibiwa na taarifa ya benki.

Kinachoyatenganisha maswali hayo ndani ya leja ni akaunti ya mpito. Hii ni akaunti ya mali inayofunguliwa kwa kila mtandao, kwa mfano moja ya M-Pesa, moja ya Airtel Money na moja ya Mixx by Yas, ambayo zamani iliitwa Tigo Pesa. Malipo ya mteja hudebitiwa hapo kwa kiasi kamili alichotoa. Makato ya mtoa huduma hukreditiwa hapo. Mkupuo unaokwenda benki nao hukreditiwa hapo. Kazi ikifanyika ipasavyo, salio la akaunti hiyo katika ERP hulingana wakati wowote na salio linaloonekana katika tovuti ya mtoa huduma. Kuunganisha mitandao mitatu katika akaunti moja ya mpito huonekana kurahisisha kazi, lakini huondoa uwezo wa kufanya ulinganishi huo, kwa kuwa hakuna tovuti yoyote inayoonyesha salio la mitandao yote mitatu kwa pamoja.

Umuhimu wa kutenganisha swali la kwanza na la pili huonekana katika ukomo wa mkopo. ERPNext hupima ukomo wa mkopo wa mteja kwa kuangalia salio lake lote katika leja ya wadaiwa, wala si ankara moja moja. Malipo yaliyowekwa katika jina la mteja sahihi, hata kama hayajaunganishwa na ankara yoyote, hupunguza deni lake na humruhusu kuchukua mzigo mwingine. Taarifa ya umri wa madeni ndiyo itakayokuwa na dosari, kwa kuwa ankara itaendelea kuonekana haijalipwa. Kinyume chake, malipo yaliyobaki katika akaunti ya malipo yasiyotambuliwa hayamsaidii mteja hata kidogo. Duka la Ludewa lililolipa Jumamosi linaweza kukataliwa mbolea Jumanne wakati lori linapakia, na lori likishaondoka wakulima wa eneo hilo watapanda bila mbolea au watanunua kwingine. Kwa sababu hiyo juhudi za asubuhi zielekezwe kwanza katika kumtambua mteja. Kumpatia ankara yake kunaweza kusubiri hadi alasiri.

Kinachobebwa na muamala, na kisichobebwa

Uwezo wa kumtambua mteja hutegemea njia aliyolipia. Mteja anayelipa kwa namba ya kampuni huulizwa na simu aingize kumbukumbu namba kabla ya kiasi na namba ya siri. Anayelipa kwa Lipa Namba ya kawaida haulizwi kumbukumbu. Huingiza namba, kiasi na namba ya siri tu. Wafanyabiashara wengi huzichukulia njia hizi mbili kuwa kitu kimoja kwa kuwa fedha hufika vilevile. Kwa mtu wa hesabu tofauti ni kubwa. Njia ya kwanza huacha nafasi ya kuandika namba ya mteja, ilhali ya pili huacha namba ya simu na jina la aliyesajili laini. Msambazaji anayeuza kwa mkopo hana budi kutumia namba ya kampuni, na Lipa Namba iachwe kwa mauzo ya taslimu ya kaunta.

Hata kumbukumbu ikiwepo, mlipaji huandika analotaka. Taasisi za umma zimeliepuka tatizo hili kupitia mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ambamo kila ankara hupewa namba yake ya malipo na mlipaji hawezi kuibuni. Ankara ya maji au ya ushuru wa halmashauri hujitambulisha yenyewe. Msambazaji binafsi asiyeunganisha ERP yake na mtandao wa simu hana ulinzi huo, na atakutana na kumbukumbu zilizoandikwa "MBOLEA", "DUKA" au jina la mtoto wa mwenye duka. Dawa ya nusu ni kumpa kila mteja namba fupi isiyobadilika, badala ya kumtaka aandike namba ya ankara inayobadilika kila mara. Namba ya mteja hukaririwa baada ya malipo mawili matatu. Namba ya ankara haikaririwi kamwe.

Namba ya simu ni ushahidi wa pili, nao una mipaka. Duka moja hulipiwa na mwenye duka, mwenzi wake, muuzaji wake, na siku nyingine wakala wa jirani aliyepewa fedha taslimu. Daftari la namba za simu za kila mteja lihifadhiwe ndani ya ERP na liongezwe kila malipo mapya yanapothibitishwa, lakini namba ya wakala isiingizwe humo hata mara moja. Wakala huwalipia wengi. Namba yake ikishahusishwa na duka moja, malipo ya maduka mengine yatamiminika kwa duka hilo bila mtu kushtuka.

Kiasi ndicho ushahidi dhaifu kuliko vyote katika biashara ya mbolea. Bei ya mfuko ni moja kwa maduka yote ya daraja moja, na maduka huagiza kwa idadi zinazojirudia. Ankara tatu au nne zenye kiasi kilekile katika juma moja ni jambo la kawaida. Hivyo kulingana kwa kiasi peke yake kusikubaliwe kumtambulisha mteja; lazima kuwe na kumbukumbu, namba ya simu au uthibitisho wa mlipaji mwenyewe.

Jambo dogo linalofaa kutajwa ni saa. Taarifa ya miamala huandika 18:20, ilhali mwenye duka anayeulizwa kwa simu atasema alilipa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Mtunza hesabu aliyezoea tarakimu za kompyuta humtafutia muamala wa 12:20 mchana na kumjibu kuwa fedha hazijafika.

Kuandaa taarifa kabla ya kuiingiza

Taarifa ya miamala hupakuliwa kutoka tovuti ya mtoa huduma kama faili la jedwali. Faili hilo huharibika kwa urahisi likifunguliwa ovyo. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Tarakimu zinazozidi hapo hugeuzwa sifuri. Namba ya muamala iliyo ya tarakimu tupu na ndefu hupoteza mwisho wake, na namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza hiyo 0. Safu hizo mbili zitambulishwe kuwa maandishi wakati faili linapofunguliwa, kwa kuwa kuzibadilisha baadaye hakurudishi kilichopotea.

Namba ya muamala ndiyo ufunguo wa kazi nzima. Majina hufanana na kiasi hujirudia, lakini ndani ya mtandao mmoja muamala mmoja una namba moja. Kabla ya kuingiza chochote katika ERP, safu hiyo ikaguliwe kama kuna namba iliyojirudia. Wengi hutumia `COUNTIF`, ambayo haifai hapa kwa sababu huzichukulia namba ndefu kama tarakimu hata zikiwa maandishi, na hivyo huziona namba mbili tofauti kuwa moja endapo tarakimu 15 za mwanzo zinafanana. Fomula ifuatayo hulinganisha maandishi kamili. Jibu linalozidi 1 lina maana ya kujirudia:

```
=SUMPRODUCT(--($A$2:$A$500=A2))
```

Ulinganishi kama huo ufanywe pia dhidi ya namba zilizokwisha kuingizwa siku zilizopita, ambazo hutolewa katika ERP kutoka sehemu ya `Reference No` ya `Payment Entry`. Hatua hii isitegemewe kufanywa na mfumo wenyewe, kwa kuwa sehemu hiyo hupokea namba iliyokwisha kutumika bila kulalamika, isipokuwa pale mtaalamu alipoiwekea katazo.

Mfano wa juma moja

Tuseme msambazaji ana ghala Makambako na ofisi ya mauzo Njombe, na wote wanatumia namba moja ya kampuni. Fedha huhamishiwa benki kila Jumatatu saa 11:00 jioni, na makato ni nusu ya asilimia moja ya kila malipo yaliyosimama. Asubuhi ya Jumanne taarifa ya benki inaonyesha mstari mmoja wa shilingi 8,208,750. Taarifa ya miamala ya tangu Jumamosi ina mistari hii, ukiacha ile ya makato na ya uhamisho wenyewe:

| Muamala | Siku | Kumbukumbu | Kiasi (Sh) |
|---|---|---|---|
| A | Jumamosi | namba sahihi ya mteja wa Njombe | 2,400,000 |
| B | Jumamosi | "MBOLEA" | 1,150,000 |
| C | Jumapili | namba ya duka moja la Ludewa | 3,000,000 |
| D | Jumapili | namba ya mteja wa Makete | 850,000 |
| E | Jumapili, dakika tatu baada ya D | namba ileile ya Makete | 850,000 |
| F | Jumapili | namba isiyojulikana | 1,200,000 |
| F | Jumatatu | urejeshaji wa muamala wa Jumapili | -1,200,000 |
| G | Jumatatu 18:20 | namba ya mteja wa Wanging'ombe | 600,000 |

Muamala A hauna utata wowote, na ndiyo sababu una hatari. Jumamosi mwenye duka alifika ofisi ya Njombe na kuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake. Karani wa Njombe akaingiza malipo palepale ili atoe mzigo. Jumanne mhasibu wa Makambako anaingiza taarifa nzima, na A anaingia mara ya pili. Ukaguzi wa namba za muamala huligundua jambo hili ikiwa karani alinakili namba kwa usahihi; akikosea herufi moja, mfumo utaona malipo mawili tofauti. Utaratibu ulio salama ni kuwa malipo yaingizwe kutoka chanzo kimoja tu, yaani taarifa ya miamala. Ujumbe wa simu wa mteja utumike kumfanya karani afungue tovuti na kuhakikisha kuwa muamala upo, kisha mzigo utolewe kwa idhini ya muda. Ujumbe wenyewe hauaminiki kwa lolote zaidi ya hapo, kwani kutengeneza ujumbe unaofanana na wa mtandao hakuhitaji utaalamu mkubwa.

Miamala D na E inafanana kwa kila kitu isipokuwa saa na namba ya muamala. Mtu mwenye haraka huifuta mmoja akidhani ni kosa la faili. Namba za muamala zikiwa mbili, fedha nazo ni mbili. Hapa mteja wa Makete alikuwa na ankara ya shilingi 1,700,000 na akailipa kwa mafungu mawili, jambo la kawaida kwa mtu ambaye salio lake la simu au kikomo cha muamala hakimruhusu kulipa kwa mara moja. Yote mawili yaingizwe kama `Payment Entry` mbili, na kila moja ielekezwe kwenye ankara hiyohiyo kwa shilingi 850,000.

Muamala C ndio wenye uzito zaidi. Maduka matatu ya Ludewa yalikodi lori moja, na mmoja wao alikusanya fedha za wote na kulipa shilingi 3,000,000 kwa namba yake. Ankara zao ni shilingi 1,300,000, 950,000 na 900,000, jumla 3,150,000. Pamepungua 150,000. Mfumo ukiachiwa ufanye kazi peke yake, utaweka fedha zote kwa mlipaji: ankara yake itafungwa, shilingi 1,700,000 zitabaki kama ziada katika `Unallocated Amount`, na wenzake wawili watabaki wadaiwa. Mhasibu mwenye huruma anaweza kugawa upungufu kwa uwiano wa madeni. Atapata shilingi 1,238,095 kwa duka la kwanza, 904,762 kwa la pili na 857,143 kwa la tatu. Hesabu hiyo ni nadhifu, na si kweli kwa yeyote kati yao. Maduka mawili yaliyotoa fedha zao kamili yataonekana yanadaiwa masalio madogo ambayo wenyewe watayakataa, na duka lililopunguza litaonekana limelipa zaidi ya lilichotoa.

Kinachotakiwa ni orodha ya mgawanyo kutoka kwa aliyelipa, hata ikiwa ni ujumbe mfupi wa simu. Kiongozi wa maduka hayo akijibu kuwa wawili walilipa kamili na wa tatu alitoa 750,000, zitengenezwe `Payment Entry` tatu kwa wateja watatu, zote zikiwa na namba moja ya muamala iliyoongezewa alama ya mwisho, kwa mfano `-1`, `-2` na `-3`. Alama hiyo huzuia ukaguzi wa kujirudia usizikatae, na wakati huohuo huwezesha kuzijumlisha kwa namba ya msingi na kuona kuwa zinafikia 3,000,000 kamili. Deni la 150,000 hubaki kwa duka lililopunguza, mahali linapostahili. Kama mgawanyo hautapatikana siku hiyo, fedha zikae kwa mlipaji bila kuunganishwa na ankara yoyote, zikisubiri. Wenzake wakihitaji mzigo kabla ya mgawanyo kufika, uamuzi ni wa meneja, naye aufanye akijua kuwa fedha zimo ndani.

Muamala F uliingia kwa makosa na mtandao ukaurejesha baada ya mlipaji kulalamika. Kishawishi ni kuiacha mistari yote miwili kwa kuwa inafutana. Ikiwa malipo ya Jumapili yalikuwa hayajaingizwa, kuiacha hakubadilishi salio, lakini kunaifanya taarifa ya ERP isilingane mstari kwa mstari na ya mtandao. Ni afadhali kuingiza yote miwili: ya kwanza katika akaunti ya deni ya malipo yasiyotambuliwa, na ya pili kuiondoa humo. Pale ambapo malipo yalikwisha kuwekwa kwa mteja na ankara kufungwa, urejeshaji uingizwe kama `Payment Entry` ya aina ya `Pay` kwa mteja huyo, ikibeba namba ya muamala wa urejeshaji, na muunganiko wa malipo ya awali na ankara uondolewe ili deni lifufuke. Urejeshaji ukisahaulika, mteja atakuwa amefutiwa deni bila kulipa.

Baada ya hapo huingizwa makato na mkupuo. Malipo yote yaliyoingia ni shilingi 10,050,000. Yaliyorejeshwa ni 1,200,000, hivyo yaliyosimama ni 8,850,000. Makato ya nusu ya asilimia ni 44,250, na huingizwa kwa `Journal Entry` moja ya siku inayodebiti gharama za makusanyo na kukrediti akaunti ya mpito. Mkupuo wa 8,208,750 huingizwa kama `Payment Entry` ya aina ya `Internal Transfer` kutoka akaunti ya mpito kwenda benki. Kinachobaki katika akaunti ya mpito ni 597,000, ambacho ni muamala G wa shilingi 600,000 uliotolewa makato ya 3,000. Uliingia saa moja na dakika ishirini baada ya uhamisho, kwa hiyo utakwenda benki Jumatatu inayofuata. Tovuti ya mtandao nayo inapaswa kuonyesha 597,000.

Sasa inaonekana kwa nini 8,208,750 hakikulingana na jumla yoyote ya ankara. Ndani yake makato yamekwisha kutolewa, G hayumo, na F aliingia na kutoka. Mhasibu ambaye angegawa kiasi hicho moja kwa moja kwa wateja angelazimika kumnyima mtu fulani shilingi 41,250 za makato ya miamala mitano iliyomo, na kwa kawaida hunyimwa yule ambaye ankara yake iko mwisho wa orodha.

Kusoma tofauti

Salio la mpito lisipolingana na tovuti, kiasi cha tofauti chenyewe huelekeza pa kutazama. ERP ikizidi kwa 2,400,000 kamili, muamala wenye kiasi hicho umeingizwa mara mbili. Ikipungua kwa 850,000, upo ulioachwa. Ikizidi kwa kiasi kidogo kisicho cha mviringo, makato ya siku fulani hayajaingizwa. Tofauti inayoonekana leo na kutoweka kesho hutokana na saa ya kufunga: ERP imesomwa asubuhi na tovuti mchana. Kwa hiyo salio zote mbili zichukuliwe kwa saa moja iliyokubaliwa, na ni vema iwe mara tu baada ya uhamisho.

Akaunti ya mpito ina upofu wake, nao usipojulikana huleta utulivu wa uongo. Inathibitisha kuwa kila shilingi iliyoingia imehesabiwa. Haithibitishi kuwa imewekwa kwa mwenyewe. Malipo ya duka la Njombe yakiwekwa kwa duka la Wanging'ombe, salio la mpito litalingana na tovuti hadi senti ya mwisho, benki italingana, na ankara isiyostahili itafungwa. Kosa la namna hii hugunduliwa na mteja peke yake. Ndiyo sababu inafaa kila malipo yanapoingizwa, ERP imtumie mwenye duka ujumbe wa kiasi, namba ya muamala na salio lake jipya, kwa namba iliyosajiliwa ya duka na si lazima ile iliyolipa. Duka lililopewa fedha zisizo zake linaweza kunyamaza. Lile lililolipa na lisipate ujumbe halitanyamaza.

Upofu mwingine umo katika mtindo wa kuelekeza malipo kwenye ankara ya zamani zaidi. Mtindo huo unafaa kwa mteja asiyetaja ankara. Haufai pale ambapo ankara ya zamani ina mgogoro, kwa mfano mifuko iliyofika imelowa. Malipo mapya yataimeza ankara hiyo, mgogoro utaonekana umekwisha, na ankara mpya isiyo na tatizo ndiyo itakayohesabiwa kuwa imechelewa. Ankara zenye mgogoro ziwekewe alama na ziondolewe katika mgawanyo wa moja kwa moja hadi pande zote zipatane.

Muamala B

Umebaki muamala mmoja. Shilingi 1,150,000 za Jumamosi zina kumbukumbu "MBOLEA" na namba ya simu isiyo katika daftari. Ankara mbili zilizo wazi zina kiasi hichohicho, moja ya duka la Njombe na nyingine la Wanging'ombe. Jumanne fedha hizo ziingizwe katika akaunti ya malipo yasiyotambuliwa, ambayo ni akaunti ya deni kwa kuwa msambazaji anashika fedha za mtu asiyemjua. Kila mstari katika akaunti hiyo uwe na tarehe, namba ya muamala na jina la mfanyakazi anayefuatilia. Mstari usio na mfuatiliaji hukaa humo hadi mkaguzi wa hesabu wa mwisho wa mwaka auulize.

Namba ya simu ilipopigwa, aliyepokea alikuwa wakala wa Njombe mjini. Hakukumbuka jina la aliyemtuma, ila alikumbuka kuwa alikuwa kijana mwenye pikipiki. Hilo halitoshi, kwani mtu wa Wanging'ombe naye anaweza kutuma kijana Njombe. Maduka yote mawili yaliulizwa kama yamelipa, bila kutajiwa kiasi wala siku, maana anayetajiwa kiasi hukubali kwa urahisi. Duka la Njombe lilijibu kuwa litalipa mwisho wa mwezi. Duka la Wanging'ombe lilisema limelipa Jumamosi kwa wakala na likasoma namba ya muamala kutoka kwenye karatasi aliyoandikiwa kijana. Herufi zote zililingana. Alhamisi fedha zilihamishwa kutoka akaunti ya malipo yasiyotambuliwa kwenda kwa mteja huyo, zikaunganishwa na ankara yake kupitia `Payment Reconciliation`, na namba ya wakala haikuingizwa katika daftari.